Wakuu wa Idara Wote Wanapoangukia Kona Moja ya Jedwali

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amefanya uchambuzi wa wadau wa mradi wake kwa kuwapanga katika jedwali la nguvu na maslahi, na wakuu wa idara wote wanne wameangukia kona ile ile ya nguvu kubwa na maslahi makubwa. Aliniuliza afanye nini baada ya hapo. Swali lake lilinigusa mahali panapouma, kwa sababu mimi niliwahi kuliona jedwali la namna hiyo na nikadhani kazi imekwisha.

Mradi wangu ulikuwa wa kubadilisha mfumo wa kupokea oda, na uligusa idara za Fedha, Mauzo, Ghala na Tehama. Jedwali lilisema wakuu wote wahusishwe kwa karibu, nami nikawahusisha kwa kikao cha kila wiki. Walikubaliana na kila nilichowasilisha. Wiki ya tisa, Fedha ilikataa kuwatoa wahasibu wawili niliowahitaji kwa majaribio, kwa kuwa ilikuwa inafunga hesabu za mwaka. Mauzo nayo ilikuwa imeshawaahidi wateja tarehe ambayo Ghala haikuwahi kuikubali kwa dhati. Tulichelewa miezi mitatu, na lawama nilibebeshwa mimi mbele ya wakurugenzi huku wale waliokuwa wakitikisa vichwa vikaoni wamenyamaza kimya. Sitaficha kwamba hadi leo jambo hilo linanikera.

Kosa langu lilikuwa kulitarajia jedwali linieleze jambo lisiloweza kulieleza. Jedwali la nguvu na maslahi hutenganisha wa kusikilizwa sana na wa kupewa taarifa tu. Halionyeshi nani anagongana na nani, wala kwa uamuzi gani. Wakuu wa idara karibu daima huwa na nguvu, na karibu daima huguswa na mradi, hivyo huishia pamoja.

Katika mradi uliofuata, ambao nao ulihusu oda na idara zile zile, nilimwendea kila mkuu peke yake na kutafuta majibu ya mambo matatu: kazi yake hupimwa kwa kipimo gani, ana kitu gani ambacho mradi hauwezi kwenda bila hicho, na ni kipindi gani cha mwaka ambacho watu wake hawaguswi. Swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa maana mtu akikuambia anataka mfumo uwe salama hujajua kitu, lakini ukijua kwamba anapimwa kwa madeni yasiyolipwa, umeshajua atapinga nini kabla hajakipinga.

Kisha niliwapanga wawili wawili. Wakuu wanne hutoa jozi sita, na kwa kila jozi niliandika uamuzi mmoja ambao wangeweza kuvutana juu yake. Jozi mbili tu ndizo zilizokuwa na mgongano wa kweli. Fedha ilitaka kila oda ya mkopo ihakikiwe kabla ya kupokelewa, ilhali Mauzo, inayopimwa kwa idadi ya oda, iliona hilo ni kufunga mlango. Ghala na Mauzo walivutana kuhusu tarehe ya kuanza. Nne zilizobaki zilikuwa kelele, na nilifanya vyema kutozipotezea muda.

Mgongano wa mkopo sikuupeleka kikaoni, kwa kuwa mbele ya wenzao wakuu hutetea idara kuliko hoja. Niliupeleka kwa mkurugenzi aliyeuidhinisha mradi, nikiwa na njia mbili na gharama ya kila moja kwa kila idara, naye akaamua njia ya katikati ya hizo mbili: oda chini ya kiwango fulani zipite, za juu yake zisubiri idhini. Ndugu msomaji, mgongano wa vipimo hauishi kwa mazungumzo mazuri. Waliopewa vipimo vinavyopingana wataendelea kupingana mpaka aliye juu yao aamue.

Utajua kwamba umeukosa mgongano pale mkuu anaposema hakuna tatizo huku hataji jina la mtu atakayemtoa, au anapoanza kumtuma msaidizi asiye na mamlaka. Hapo rudi kwake peke yake, siku hiyo hiyo.

Tena, chunga unachoandika. Katika mradi ule wa kwanza niliandika neno "mgumu" kando ya cheo cha mkuu mmoja, na faili likamfikia. Sasa naandika tu yale ninayoweza kumsomea mwenyewe. Katika mradi wa pili nilimwonyesha mkuu wa Fedha yote niliyoandika kumhusu. Aliisoma polepole, akachukua kalamu, akasogeza tarehe ya kufunga hesabu mbele kwa siku tatu, kisha akaandika majina ya wahasibu wawili.