Gaslaiti au ugomvi wa kawaida? Kwa mnaoanza kusikiliza kesi za ndoa na mahusiano

Nyie mnaoanza kazi ya ushauri nasaha, iwe ofisi ya ustawi, kanisani, msikitini au kwenye kikundi cha mtaa, hili neno gaslaiti, yaani kumfanya mtu ashuku akili na kumbukumbu yake mwenyewe, mtalisikia sana siku hizi. Mtu anakaa tu kwenye kiti anasema "mume wangu ananigaslaiti", ukimuuliza kafanyaje unakuta mwenzake alimbishia kuhusu nani alisahau kufunga geti. Halafu anakuja mwingine halijui kabisa hilo neno, anasema tu "nadhani akili yangu imeanza kuchoka mshauri", na huyo ndo anafanyiwa kitu chenyewe. Kwa hiyo msishike neno, shikeni linalotokea.

Asili yake ni tamthilia ya Kiingereza ya 1938 ya Patrick Hamilton, ikaja kufanywa filamu 1940 na tena 1944. Mume ana siri yake anaifanya ghorofa ya juu usiku, akiwasha taa za gesi kule juu zile za chini zinafifia, mke anaona. Na huyo mume anaficha vitu vya nyumbani halafu anamwambia mke kavipoteza yeye, mpaka mke anaanza kuamini amechanganyikiwa. Cha kushika hapo ni kwamba mume anajua fika ukweli ni upi, na kinachoshambuliwa ni uwezo wa mke kuamini macho yake mwenyewe. Hilo la pili ndo nataka tukae nalo, maana la kwanza, la nani anajua nini moyoni, wewe mshauri huwezi kulipima.

Niwape kesi mbili, zote za hela na zote zina meseji ndani yake, nimebadilisha vitu vidogo watu wasijulikane.

Ya kwanza ni wanandoa waliogombana kwa ajili ya ada. Mume anasema mke aliahidi kulipa ada yote ya muhula, mke anasema alisema nusu. Walipiga kelele mbele yangu, mume akafika mahali akasema "we mwanamke muongo", mke akamjibu vibaya zaidi. Ukisikiliza kwa nje unasema hii ndoa imekwisha. Mke akatafuta kwenye simu akapata meseji yake mwenyewe, "ntatoa nusu, nusu utamalizia". Mume akaisoma, akanyamaza, akasema "basi mi niliisoma haraka haraka", bado kanuna lakini swali lake lililofuata lilikuwa "sasa hiyo nusu naitoa wapi mwezi huu?" Wakaanza kuhesabu. Huo ni ugomvi wa kawaida, matusi yapo na yanahitaji kusemwa peke yake, ila ushahidi ulipofika mezani jambo lilisogea.

Ya pili ni dada mmoja mama lishe. Alipata mgao wa kikoba laki sita, akamtumia mume kwa simu anunue mabati. Wiki zinapita mabati hamna, akiuliza anaambiwa "hela gani? hujanipa hela mimi". Anasema nilikutumia, anaambiwa leta meseji, akienda kwenye simu yake meseji haipo, na simu yake huwa inashikwa na wote wawili na namba ya siri mume anaijua. Dada wa watu akaenda kwa mtandao wake wa simu akaomba taarifa ya miamala, ikatoka, tarehe ipo, jina la mume lipo, laki sita ipo. Akamwonesha. Sasa sikilizeni jibu: "Sawa ulituma, lakini si ulisema nimlipe kaka yako deni lake? Umesahau hata hilo? Tangu ujifungue akili yako haijatulia, juzi umeacha jiko linawaka." Ghafla hawaongelei tena mabati wala laki sita, wanaongelea kichwa chake. Na kesho yake mume kampigia mama yake na dada yake, "jamani mwangalieni huyu, anasahau mambo, mi naogopea mtoto".

Mnaona tofauti? Kesi ya ada ushahidi ulibadilisha mazungumzo kuhusu ada. Kesi ya mabati ushahidi ulipokuja hadithi ikabadilika papo hapo, kutoka "hujanipa" kwenda "ulinipa kwa kazi nyingine", na yule aliyeleta karatasi ndo akageuzwa mgonjwa. Mimi nikisikiliza kesi hapo ndo natega sikio, sijali sana nani kapiga kelele zaidi. Kuna wanaofanya gaslaiti kwa sauti ya upole kabisa, wanakushika bega wakisema "pole mke wangu, twende ukapumzike".

Mara moja haitoshi lakini. Mtu akibanwa anaweza kusema ujinga wowote ili ajinasue, hata wewe na mimi. Mume aliyechepuka akasema alikuwa kazini, huyo kadanganya, ni kosa na linauma, ila uongo wa kuficha jambo lake una lengo la kuficha jambo lake tu. Unaanza kuwa kitu kingine pale anaposema "nilikuwa kazini, na wewe wivu wako ni ugonjwa, hata ndugu zako wanalijua hilo", na anarudia kila mara, kwa mambo tofauti tofauti, hela, simu, maneno aliyosema jana mbele ya watoto. Kwa hiyo ombeni matukio, msiombe maelezo ya jumla. Muulize mteja: mara ya mwisho mlipobishana ilikuwa kuhusu nini, ulionesha nini, yeye akasema nini baada ya hapo? Halafu muulize la kabla ya hilo, na la kabla yake. Ukiona yote yanaishia kwenye akili ya mtu mmoja, na ni yule yule kila mara, hapo una kitu mkononi.

Na msimuulize "je anakugaslaiti?", mtu mwenye hofu atakubali chochote unachomwekea mdomoni.

Kitu kingine cha kuangalia ni mteja mwenyewe kabadilika vipi. Yule dada alikuwa anazima jiko anarudi kuliangalia mara tatu, halafu anamuuliza mwanae wa darasa la nne "nimezima?" Alikuwa anaomba msamaha kabla hajajua kakosa nini. Lakini nilipomuuliza biashara yake inaendaje akanitajia bila daftari nani anadaiwa sahani ngapi, wa bodaboda wawili, fundi wa kuchomelea, mwalimu mmoja, na nani kalipa nusu. Sasa mtu ambaye kumbukumbu yake inakufa haiwezi kufa nyumbani tu ikawa nzima kibandani. Hilo swali mlitumie sana, je mashaka haya unayo kazini pia, kwa ndugu zako, kwa marafiki, au ukiwa na huyu mtu mmoja tu? Akisema kila mahali, anapoteza njia, anasahau majina, halali, basi mpelekeni hospitali kwanza, kuna msongo baada ya kujifungua, kuna kukosa usingizi, kuna magonjwa kweli, na kumwambia mgonjwa kwamba mumewe ndo anamchanganya ni kumuumiza yeye na kumwonea mume.

Tuseme na hili la kusahau kwa kawaida, maana watu wawili wakikaa kwenye tukio moja wanaweza kutoka na kumbukumbu mbili, kila mmoja akaapa kwa Mungu na wote wakawa wakweli kwa nafsi zao. "Mi sikumbuki hivyo" ni sentensi halali kabisa kwenye ndoa. Inamwachia mwenzako kumbukumbu yake. "Haikutokea, wewe una matatizo" inamnyang'anya. Na mtu mwenye nia njema ukimwambia tumuulize aliyekuwepo, au tuangalie meseji, anakubali hata kwa kununa. Yule mwingine anakasirika kwamba umetaka kuhakikisha.

Mwanasosholojia wa Marekani Paige Sweet aliandika 2019 kwamba gaslaiti inapata nguvu kutokana na yale ambayo jamii tayari inaamini kuhusu mtu, mfano kwamba wanawake wanaongozwa na hisia. Kwetu huku mnajua yanavyosemwa: ana hasira za uzazi, ana majini, kwao wote wako hivyo. Mume wa yule dada hakuhitaji kuthibitisha chochote kwa mama yake, sentensi ya "tangu ajifungue" ilimaliza kazi. Wanaume nao yanawapata, aliyepoteza kazi anaambiwa "msongo umekuharibu, unaota mambo", na ukoo unaamini kwa sababu kweli hana kazi. Na mjue pia neno lenyewe linageuzwa silaha, mtu anaulizwa swali la haki kuhusu hela anajibu "acha kunigaslaiti", basi mjadala umekufa. Ndo maana nasema rudini kwenye matukio.

Sasa ukishaona dalili, usikimbilie kuwakalisha pamoja. Usuluhishi wa kuwakalisha wawili meza moja unafaa kesi ya ada, ile ya mabati utampa mume jukwaa la kumwonesha mkewe kwamba hata mshauri anamwamini yeye, maana anaongea vizuri katulia, na mke analia na kujichanganya tarehe. Sikilizeni mmoja mmoja kwanza. Na kabla hujamwambia mteja aandike kila kitu, muulize simu yake nani anaishika, kwa sababu maandishi yakikutwa yanaweza kuleta kipigo. Yule dada alikuwa anaandika nyuma ya daftari la madeni la kibandani na daftari linalala kwa shoga yake: tarehe, lililosemwa, nani alikuwepo, basi. Kusudi la kwanza la yale maandishi lilikuwa yeye mwenyewe ayasome akianza kujishuku, kumwonesha mume hakukuwemo, na nilimwambia asiende kumkabili nayo. Kukiwa na vitisho au kipigo msibaki nayo wenyewe, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi.

Mwisho ni faili. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 107 inataja ukatili wa kiakili pamoja na wa kimwili kwenye mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, na kwa kawaida kabla ya talaka shauri linapita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Wajumbe wa baraza wengi ni watu wazima wa kata, ukiwaandikia "mlalamikiwa anamgaslaiti mlalamikaji" watakuuliza hicho ni kitu gani na hapo umeshapoteza dakika za mteja. Andika alichosema mume kwa maneno yake, bandika taarifa ya miamala pembeni, andika tarehe aliyosema hajapewa hela na tarehe aliyosema alipewa kwa kazi nyingine, zifuatane kwenye ukurasa mmoja.