Sanduku Refu Halimaanishi Watu Wengi: Kueleza Histogramu na Mchoro wa Sanduku kwenye Slaidi

Mara nyingi huwasilisha takwimu za muda wa kusubiri mbele ya kamati za zahanati. Wajumbe wanaijua zahanati yao kuliko mimi, ila wengi hawajazoea grafu. Nimeona kwamba kinachowakwamisha si hesabu, ni jicho. Mtu akiona umbo kubwa hudhani hapo ndipo penye watu wengi. Kwenye histogramu yuko sahihi, maana nguzo ndefu ni watu wengi. Kwenye mchoro wa sanduku dhana hiyo hiyo inampoteza, na hakuna mtu anayemwambia kwamba kanuni imebadilika.

Ndiyo maana sianzi na mchoro wowote. Naanza na watu. Tuchukue mfano wa wagonjwa 11, na dakika walizosubiri kabla ya kumwona daktari:

10, 15, 20, 20, 25, 30, 40, 55, 70, 90, 240

Slaidi ya kwanza ina mstari wa dakika chini na vitone 11 juu yake. Kila kitone ni mgonjwa mmoja. Nasema hivyo, kisha nanyamaza kidogo wavitazame. Slaidi ya pili ina mstari ule ule, lakini vitone vimepangwa juu kwa juu katika mafungu ya dakika 20: wawili chini ya dakika 20, wanne kati ya 20 na 39, wawili kati ya 40 na 59, na kuendelea. Hapo naweka nguzo juu ya vitone, na histogramu imezaliwa mbele ya macho yao. Upana wa fungu uandike kwenye slaidi. Ukifanya fungu moja liwe la saa nzima, watu wanane kati ya 11 wataingia kwenye nguzo moja na hutaona kitu. Ukifanya la dakika mbili, utabaki na vijiti vilivyotawanyika.

Sanduku linahitaji subira zaidi. Narudi kwenye vitone na kuwaomba wafikirie foleni, kuanzia aliyesubiri kidogo hadi aliyesubiri sana. Mtu wa katikati ni wa sita: dakika 30, na huo ndio mstari ulio ndani ya sanduku. Katika watano walio kabla yake, wa katikati ana dakika 20. Katika watano walio baada yake, dakika 70. Hizo ndizo kingo mbili za sanduku.

Sasa naonyesha kidole kipande cha kati ya 20 na 30, kisha cha kati ya 30 na 70. Cha pili ni kirefu mara nne. Nauliza: kipi kina watu wengi zaidi? Karibu wote hutaja kile kirefu. Tunahesabu vitone pamoja: ndani ya cha kwanza wamo wawili, 20 wa pili na 25, ndani ya cha pili wamo wawili, 40 na 55. Urefu unasema watu wametawanyika. Hausemi ni wengi. Sentensi hiyo naiandika kwenye slaidi kwa herufi kubwa, na wala siifuti mpaka mwisho.

Mstari unaotoka nje ya sanduku upande wa kulia unafika 90 tu. Kanuni ya kawaida hupima urefu wa sanduku, hapa 50, huuzidisha kwa moja na nusu, na kinachovuka 70 jumlisha 75, yaani 145, hubaki kitone peke yake. Kwa hiyo yule wa dakika 240 yuko pembeni. Usimwite kosa, wala usimfute ili mchoro upendeze. Mara nyingi yeye ndiye ambaye kamati inapaswa kumuulizia. (Usishangae programu nyingine ikiweka ukingo wa juu kwenye 62.5, njia za kukata robo zinatofautiana, na kwa watu wachache tofauti huonekana.)

Kuna jambo moja sanduku haliwezi kabisa kulionyesha: milima miwili. Chukulia zahanati ambayo watoto wa chanjo hutoka mapema, na wanaosubiri majibu ya maabara hukaa saa mbili. Histogramu itaonyesha vilima viwili na bonde katikati. Sanduku litachora umbo moja tulivu, na mstari wake wa katikati unaweza kuangukia bondeni, kwenye dakika ambazo karibu hakuna aliyezisubiri. Kwa hiyo chora histogramu kwanza, hata kama hutaionyesha. Ukiona vilima viwili, gawa data: sanduku moja la chanjo, jingine la maabara, yote kwenye mstari mmoja wa dakika, na pembeni ya kila moja andika idadi ya wagonjwa, kwa kuwa sanduku lenyewe halitawaambia.