Saa 15 Kitini, na Shavu la Mguu

Safari yangu ya kwanza ya Marekani niliipanga kama mtu anayekwenda kulala. Mombasa hadi Nairobi si kitu, lakini Nairobi hadi New York ni kama saa 15 bila kutua. Nikachagua kiti cha dirishani ili niegemee. Mfuko wa mabuyu, achari na kashata za dada nikausukuma chini ya kiti cha mbele, pale pale penye miguu. Maji nikayakwepa nisiwasumbue wawili waliokaa kati yangu na ujia, kisha nikameza kidonge cha usingizi. Niliposhtuka, saa 7 zilikuwa zimepita na miguu imekunjika vile vile.

Siku ya tatu shavu la mguu wa kushoto likaanza kuuma na kupata joto. Shangazi akasema ni msuli, akaleta mafuta ya nyonyo anikande. Dada, ambaye hushona, akatoa futikamba. Akapima sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti: kulia 35, kushoto 39. Tofauti ikizidi sentimita 3, madaktari huanza kushuku. Hospitalini altrasaundi ikaonyesha donge la damu kwenye mshipa wa ndani, nyuma ya goti. Nilimeza dawa za kuzuia damu kuganda miezi 3.

Daktari alinieleza hivi. Moyo husukuma damu kwenda miguuni, lakini kuirudisha juu ni kazi ya shavu la mguu. Msuli ukikaza, hukamua mshipa, na vali ndogo ndani yake huzuia damu isirudi chini. Ukikaa bila kujitikisa, pampu hiyo imezimwa, na ukingo wa kiti unakubana nyuma ya goti. Damu hutuama, na ikituama huweza kuganda. Ndiyo maana hata basi la usiku la Nairobi lina hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari huongezeka kama maradufu baada ya kusafiri umekaa saa 4 au zaidi. Hata hivyo, kwa mtu mwenye afya ni kama mmoja kati ya 6,000. Wenye kuhitaji kumwona daktari kabla ya kukata tiketi ni waliowahi kuganda damu kama mimi, wajawazito na waliojifungua karibuni, waliotoka kupasuliwa, wenye saratani, na wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni.

Niliporudi tena, nilikuwa na mamangu, na dawa yangu daktari alikuwa ameshaipanga. Tulichukua viti vya kando ya ujia, yeye upande huu, mimi ule. Mfuko ukapanda juu kabatini, miguu ikapata pa kunyooka. Kila nusu saa tulikanyaga vidole tukiinua visigino, kisha visigino tukiinua vidole, mara 20. Kila baada ya saa moja au mbili tulitembea hadi nyuma ya ndege.

“Mwanangu, watu watadhani tumepoteza kitu,” alininong'oneza.

Maji tulikunywa kidogo kidogo, kwani hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno. Kwamba maji peke yake huzuia damu kuganda, sijaona uthibitisho wa kunitosha. Faida yake niliyoiona mimi ni kwamba yanakulazimisha kwenda msalani, na msalani huendi kwa kukaa. Usingizi tuliupata vipande vipande, simu ikitetema kila saa 2. Vidonge vya usingizi nimeapa sivimezi tena safarini, maana mtu aliyelala navyo hajigeuzi.

Soksi za kubana tulinunua za kuishia chini ya goti, pakiti imeandikwa 15–20 mmHg, yaani kipimo cha nguvu ya kubana. Pima kifundo na shavu kabla ya kununua, na uzivae asubuhi kabla miguu haijavimba. Zikijikunja juu zinakaba kama kamba, hapo ni bora kuzivua. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni, au kisukari kilichomtia ganzi, asizivae bila kuuliza. Aspirini usijiandikie mwenyewe kwa sababu ya ndege.

Tulipotua, nyayo za mama zilikuwa zimevimba zote mbili sawasawa. Huo ni uvimbe wa kukaa, na kesho yake ulikwisha. Wa kuogopa ni wa mguu mmoja wenye maumivu, na kwa ngozi zetu nyeusi usingoje wekundu, hauonekani vizuri. Unaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya safari. Usikandwe, nenda ukapigwe altrasaundi. Na ukianza kukosa pumzi ghafla, kuchomwa kifuani unapovuta hewa au kukohoa damu, donge huenda limefika mapafuni: hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.