Manyoya ya flaneli hayakubandikwa

Flaneli ni pamba, shuka la kawaida ni pamba. Hilo joto la flaneli linatoka wapi?

Kwenye hewa. Kitambaa kikishafumwa hupitishwa kwenye roli zilizovishwa sindano fupi za waya zilizopinda. Sindano hizo huchokonoa uso na kuvuta ncha za nyuzi nje, kidogo kidogo na kwa kurudiarudia, kwa sababu zikivuta kwa pupa kitambaa huchanika. Zinaushambulia zaidi mshindio, yaani nyuzi zinazokatiza upana wa kitambaa, ndiyo maana uzi wa mshindio husokotwa ukaachwa legelege makusudi, na mtande, yaani nyuzi za urefu, ukakazwa ili nguo ibaki na uti wa mgongo. Matokeo yake ni malaika kama wa mkononi mwako, na katikati yao hewa imetulia. Hewa isiyotembea hupitisha joto kwa shida sana. Juu ya hayo, shuka la namna hii linaigusa ngozi kwa ncha tu, halilali bapa, kwa hiyo ule ubaridi wa kuingia kitandani huusikii.

Sasa wimbo wangu wa kila siku: manyoya hayo hayakuongezwa. Ni pamba ileile ya uzi, imetolewa ndani ikawekwa nje, na kila unyoya uliosimama umeacha kazi yake ya kuubeba uzi. Mnanunua kwa kupapasa, halafu mnaniandikia barua. Kabla ya kulipa, inua kitambaa kwenye mwanga. Ukiona mabaka yanayopitisha mwanga zaidi ya sehemu nyingine, mshindio umechokonolewa mpaka ukakonda. Kirudishe hata kama ni kinene kama blanketi.

Nimefua shuka jipya la flaneli pamoja na suruali nyeusi. Suruali imejaa nyuzi nyeupe! Nimeuziwa feki?

Hapana, umefua vibaya. Roli zile huacha uso umejaa vinyuzi vifupi ambavyo upande mmoja tayari umeshaachia. Maji na msuguano humalizia kazi. Mafuo mawili matatu ya kwanza, shuka lioge peke yake. Likiendelea kutoa nyuzi zilezile kwa wingi uleule baada ya hapo, uzi wenyewe unachakaa, na hapo ndipo ulalamike.

Siki inazuia vipele vya nguo, vile vidonge vya nyuzi?

Haizuii. Na hili ni mara ya mwisho kulijibu.

Pajama yangu imeota vipele viwikoni na mapajani, lakini kifuani ni safi. Kwa nini?

Msomaji huyu ametuma na picha ya lebo, Mungu ambariki: pamba asilimia 60, poliesta 40. Tazama palipoota: ni pale nguo inaposuguana. Unyoya ambao upande mmoja bado umeshikwa na uzi hauwezi kuondoka, basi unajisokota na wenzake mpaka unakuwa kidonge. Katika pamba tupu, kidonge kinaning'inia kwenye vinyuzi dhaifu, siku moja kinakatika na kwenda zake. Poliesta haikatiki kirahisi. Inakishikilia kidonge pale pale kama kamba, na pamba inayotoka jirani inazidi kukinenepesha. Kwa hiyo pajama ya pamba tupu huenda ingetoa nyuzi nyingi kuliko yako, lakini isingekaa na vipele muda mrefu hivi.

Usivichomoe kwa vidole. Vuta kimoja taratibu uone kinavyotoka na mkia: huo mkia umetoka kwenye uzi, na kesho utazaa kingine. Tandaza nguo mezani, ivute iwe bapa, unyoe kwa mashine ya kunyolea nguo bila kukandamiza. Ukiifua, igeuze ndani nje, maji ya vuguvugu, mzunguko mfupi, na usichanganye na taulo wala zipu.

Dawa ya kulainisha nguo itarudisha ule ulaini wa mwanzo?

Kwa siku chache. Inazipaka nyuzi utelezi, na uzi uliosokotwa legelege unategemea kukwaruzana kwa nyuzi zake ili zishikane. Ukizilainisha, zinateleza nje. Kilicholaza manyoya ni kukamuliwa na kukaushwa yakiwa yamelala. Kung'uta nguo ingali mbichi kunasaidia kuliko chupa yoyote.

Na kuna jambo ambalo hukuuliza. Uso wa pamba wenye manyoya hushika moto upesi, na mwali unaweza kukimbia juu yake kabla hujanyanyuka, kwa sababu kila unyoya umezungukwa na hewa. Dawa za kulainisha huweza kuongeza wepesi huo wa kuwaka. Nguo za kulalia za watoto zisipate tone, na mtoto aliyevaa flaneli asikae karibu na jiko wala mshumaa.

Flaneli yangu imechokonolewa manyoya upande mmoja tu. Manyoya yakae nje au ndani?

Ndani, yaguse mwili. Nje yatasuguliwa bure.