Re: Serasi na myukasi kwenye slaidi

"Wakuu, asinasi za serasi na za myukasi nazitofautishaje? Mi naona viduara tu."

Mkuu, asinasi ni vifundo vya seli za tezi, za serasi hutoa majimaji yenye protini na za myukasi hutoa ute. Anza na kiini cha seli, rangi iache kwanza, maana slaidi ikipakwa vibaya rangi inadanganya. Seli ya serasi kiini chake ni cha duara, kimekaa karibu na chini ila hakijabanwa, na juu yake kuna chembechembe za waridi zilizojaa protini. Ya myukasi kiini kimesukumwa mpaka ukutani kikawa bapa, na sehemu iliyobaki inaonekana nyeupe yenye povu kwa sababu ute wenyewe haushiki rangi za hematoksilini na eosini. Hapa wengi wanachanganya na seli za mafuta, ila hizo ni tupu kabisa, povu hakuna, na hazijajipanga kuzunguka tundu.

Tafuta slaidi ya papila kubwa za nyuma ya ulimi, vile vinundu vyenye mtaro kuzunguka. Kwenye kuta za mtaro utaona vionja ladha, vimepauka, halafu chini yake tezi za fon Ebna ambazo ni serasi tupu, majimaji yake yanamwagikia mtaroni kuusafisha ili ladha mpya isikike. Sogeza kidogo nyuma unakutana na tezi za myukasi, hapo linganisha.

Kwenye tezi ya mate ya chini ya taya utakuta vikofia vya seli za serasi juu ya asinasi za myukasi, vikofia hivyo kwa sehemu kubwa vinatokana na fomalini ya kuhifadhia sampuli, seli za ute zinavimba zinazisukuma jirani zake za serasi pembeni.