Rc ya transfoma haikubaliani na wati za mita

"Transfoma 3 kVA, 240/120 V. Saketi wazi: 120 V, 40 W. Shoti: 12.5 A, 75 W. Nimepata Rc 360 Ω na Req 0.48 Ω, ila nikichora upande wa 240 V upotevu wa kiini unatoka 160 W. Nimekosea wapi?"

Umechanganya pande, ndugu. Ile 360 Ω umeipata kwa 120²/40, kwa hiyo ni ya upande wa 120 V. Req ni 75/12.5², na 12.5 A ndiyo ampea kamili za upande wa 240 V. Hiyo iache ilivyo. Kuna mdau kasema uihamishie Rc upande wa 240 V kwa kuizidisha kwa 2. Kuhamisha ni kweli, lakini ukinzani huzidishwa kwa mraba wa uwiano, yaani 4. Inakuwa 1440 Ω, na 240²/1440 inakurudishia 40 W zako. Xm nayo ifanye hivyo hivyo.

Kuigawa 0.48 Ω kati ya koili mbili, jaribio la shoti halikwambii. Nusu kwa nusu ni makadirio tu.