Wiki mzigo ulipoisha: kasoro inayoharibu wastani wa wiki nne

Ninyi mnaoanza kazi ya kuagiza mzigo kwenye maduka ya jumla hapa Moshi, hesabu ya kwanza mtakayoelekezwa ni ya wastani wa wiki nne. Unajumlisha mauzo ya wiki nne zilizopita, unagawa kwa nne, na jibu ndilo makadirio ya wiki ijayo. Wiki mpya ikiisha unaiingiza, ile ya zamani kabisa unaitoa. Hesabu ni nyepesi na kwa bidhaa inayouzika kila siku inafanya kazi vizuri. Kinachoiharibu ni namba mnazoilisha, na namba mbaya kuliko zote ni ya wiki ambayo mzigo uliisha stoo.

Tuchukue mafuta ya kula, dumu la lita 20, kwenye duka la upande wa soko la Mbuyuni linalofunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Wateja wake wakubwa ni mama lishe, wakaanga chipsi na wenye maduka madogo ya huko Kibosho na Marangu. Wiki nne mfululizo limeuza madumu 42, 38, 45 na 39. Jumla ni 164, wastani 41. Wiki ya tano daftari la mauzo linaonyesha 23.

Anayesoma daftari la mauzo peke yake ataona biashara imeshuka. Atatoa 42, ataingiza 23, na wastani mpya utakuwa 36 na kidogo. Ataagiza kwa kufuata 36, wakati wateja bado wanahitaji arobaini na kitu, kwa hiyo wiki inayofuata mzigo utaisha tena mapema, mauzo yatakuwa madogo tena, na wastani utashuka zaidi. Baada ya mwezi mmoja duka litakuwa limejipunguzia biashara lenyewe, na kila karatasi itaonyesha kwamba mwagizaji alikuwa sahihi. Mimi naliona hili ndilo kosa linalogharimu kuliko yote katika kazi yetu, kwa sababu halionekani kama kosa.

Ukifungua kitabu cha stoo utakuta salio la mafuta lilifika sifuri Jumatano jioni. Yale madumu 23 yaliuzwa siku tatu tu. Sasa angalia wiki za nyuma: Jumatatu hadi Jumatano huwa inabeba sehemu gani ya mauzo ya wiki? Kama ni karibu nusu, basi mahitaji ya wiki ile yalikuwa karibu 46. Usigawe kwa siku tatu na kuzidisha kwa sita bila kutazama hilo, kwa sababu kuna maduka ambayo Jumamosi peke yake inauza sawa na siku mbili za katikati ya wiki. Kwenye wastani unaingiza 46: 38, 45, 39 na 46 ni 168, ukigawa kwa nne unapata 42. Tofauti ya 42 na 36 ni madumu sita kila wiki, na hao ni wateja watakaozoea kwenda duka la jirani.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo wageni hulisahau. Dumu la lita 20 likiisha, baadhi ya wateja huchukua mawili ya lita 10. Kwa hiyo wiki hiyohiyo mauzo ya lita 10 yatapanda kwa uongo, nayo yanahitaji kupunguzwa kabla hayajaingia kwenye wastani wake. Vivyo hivyo kamati ya harusi ikichukua madumu 15 kwa mkupuo, yaandike pembeni, maana wiki ijayo hawarudi.

Wanaotumia kompyuta, tengeni safu mbili: mauzo halisi na mahitaji yaliyorekebishwa. Namba halisi isifutwe kamwe. Kama mahitaji yaliyorekebishwa yako safu ya C kuanzia mstari wa 2, makadirio ya wiki ya mstari wa 6 ni:

```
=AVERAGE(C2:C5)
```

Hakikisheni mstari wa 6 wenyewe haumo ndani ya mabano. Ukiwamo, makadirio yataonekana yanalenga vizuri ajabu, kwa sababu wiki unayoikadiria inajikadiria yenyewe. Tena, kisanduku kitupu hakihesabiwi kwenye wastani huo, lakini chenye 0 kinahesabiwa. Wiki duka lilipofungwa kwa msiba, acha kisanduku kitupu.

Sasa 42 si idadi ya kuagiza. Tuseme oda inatumwa Jumamosi jioni na gari la msambazaji linashusha Jumatano asubuhi. Mzigo utakaoagiza leo lazima ukufikishe hadi gari la Jumatano ya wiki ya pili yake. Hesabu siku za kuuza: Jumatatu na Jumanne kabla gari halijafika, kisha siku sita kutoka Jumatano hadi Jumanne inayofuata. Ni siku nane. Madumu 42 kwa siku sita ni saba kwa siku, kwa hiyo siku nane zinahitaji 56. Ongeza akiba ya tahadhari. Hiyo haitoki kichwani: linganisha makadirio ya wiki zilizopita na mahitaji yaliyotokea, uone yalipita makadirio kwa kiasi gani. Kama mara nyingi tofauti hiyo haijapita tisa, akiba ya 10 inatosha kwa kuanzia. Jumla 66. Toa yaliyopo stoo, tuseme 19, na toa pia yaliyoagizwa ambayo hayajafika, ambayo hapa hayapo. Unaagiza 47.

Desemba wekeni wastani huu kando. Watu wa Rombo, Machame na Marangu wanaoishi Dar na kwingineko wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na mauzo yanapanda kila wiki. Wastani unatazama nyuma, kwa hiyo mauzo yanapopanda unabaki chini yake daima. Yakiongezeka madumu matano kila wiki, wastani wa wiki nne utakuwa nyuma kwa zaidi ya 12. Wa wiki nane ungebaki nyuma zaidi ya 22, ndiyo sababu sipendi wiki nane kwenye bidhaa inayobadilika, ingawa kwa bidhaa tulivu hupunguza kuyumba. Kwa Desemba tumia mwaka jana: gawa mahitaji ya kila wiki ya Desemba kwa wastani wa Novemba ya mwaka huohuo, kisha zidisha uwiano huo kwa wastani wa Novemba ya mwaka huu. Kama wiki ya Krismasi ilikuwa mara 1.6 na Novemba hii wastani ni 42, jiandae kwa 67. Ramadhani inafuata njia hiyohiyo, ila linganisha wiki ya kwanza ya mfungo na wiki ya kwanza ya mfungo, si tarehe kwa tarehe, kwa kuwa kila mwaka inatangulia kwa takriban siku 11.

Januari hatari inageuka. Wageni wamesharudi mjini, lakini wiki za Desemba bado zimo ndani ya wastani na zitakaa humo wiki nne nzima zikikuambia uagize mzigo wa sikukuu, wakati huohuo wateja wako wanalipa ada za shule. Zitoe zote. Wiki ya kwanza ya Januari kadiria kwa wiki nne za mwisho za Novemba, na kila wiki ya Januari inapokamilika iingize badala ya moja ya hizo, mpaka zote nne ziwe za mwaka mpya.